Daftari la Nani?

Ninazo karatasi mbili zinazozungumzia pesa ileile. Ya kwanza ni taarifa ya akaunti ya benki ya mdogo wangu, na ndani yake kuna mstari unaoonyesha shilingi 700,000 chini ya safu ya Debit. Ya pili ni taarifa ya ada aliyoipakua kutoka kwenye mfumo wa chuo chake, na humo shilingi 700,000 hizohizo, za tarehe ileile, ziko chini ya safu ya Credit. Benki haikukosea, chuo hakikukosea, na hakuna pesa iliyopotea njiani. Lakini kwa siku nne karatasi hizi zilimfanya mama yangu aamini kwamba mwanawe wa mwisho anamdanganya.

Mimi nipo Dar es Salaam, nasoma shahada ya umahiri ya uhasibu na fedha. Kwa nyumbani kwetu Tanga maana yake ni moja tu: karatasi yoyote yenye tarakimu hupigwa picha na kutumwa kwangu, iwe bili ya maji au risiti ya mabati. Hizi mbili hazikutumwa kwangu kwanza. Zilipitia kwa baba mdogo.

Mambo yalikuwa hivi. Ada ya mdogo wangu kwa mwaka ni shilingi 1,300,000. Mwaka wa masomo ulipoanza, mama alimwekea 750,000 benki: 700,000 za awamu ya kwanza ya ada na 50,000 za kuanzia maisha. Mdogo wangu akachukua namba ya kumbukumbu ya malipo kutoka chuoni, akalipa 700,000, na masomo yakaendelea. Muhula wa pili ulipokaribia aliomba 600,000 zilizobaki. Mama ana duka la rejareja, la unga, mafuta na sabuni, na laki sita kwake ni miezi ya kuamka alfajiri. Akasema kabla hajatoa nyingine anataka kuona ile ya mwanzo ilikwenda wapi. Lilikuwa ombi la haki, na mdogo wangu akatuma ushahidi wake wote, yaani karatasi mbili.

Baba mdogo ndiye ambaye Kiingereza chake hutegemewa na ukoo mzima, kwenye fomu za hospitali na barua za bima. Alizisoma kwa makini. Debit, akasema, ni deni. Hata neno lenyewe linafanana na deni. Credit ni mkopo, maana mtu akichukua bidhaa kwa krediti amekopa. Balance ni salio, kile kinachobaki mkononi. Taarifa ya benki ilikuwa na Debit 700,000, kwa hiyo kijana anadaiwa na benki. Taarifa ya chuo ilikuwa na Credit 700,000, kwa hiyo chuo kimemkopesha. Na chini kabisa ya taarifa ya chuo palikuwa na Balance 600,000, kwa hiyo ana laki sita zimekaa, na bado anaomba laki sita nyingine.

Kila tafsiri kati ya hizo ipo kwenye kamusi. Ndiyo maana hadithi iliyotokana nazo ilishikamana vizuri sana. Mama aliponipigia usiku wa siku ya nne hakuwa amekasirika tena, alikuwa amechoka. "Mwanangu," akaniambia, "mdogo wako angesema tu kwamba pesa imemtoka. Mimi ningeelewa. Lakini kukopa kimyakimya, halafu kunifanya mjinga?" Mdogo wangu, ambaye anasoma mambo ya udongo na mbolea na hajawahi kufundishwa uhasibu, alikuwa ameapa kwamba hajakopa. Alipoonyeshwa neno Credit kwenye karatasi aliyoituma mwenyewe, hakuwa na la kujibu. Akaacha kupokea simu. Siku za kujisajili zilikuwa zimebaki tisa.

Shuleni na vyuoni somo hili huanza na kanuni za kukariri. Kinachoongeza mali ni debiti, kinachoongeza deni ni krediti, na kadhalika, mpaka mwanafunzi anajibu mtihani kama anayesoma jedwali la kuzidisha. Nikaona kanuni hizo hazingemsaidia mama saa tatu za usiku kwenye simu. Lakini mama ana daftari, na amekuwa mtunza hesabu mzuri tangu kabla sijazaliwa.

Nikamwomba alichukue daftari la madeni la dukani afungue ukurasa wa jirani yetu anayekopa na kulipa mwisho wa wiki. Kila mkopaji ana ukurasa wake, jina limeandikwa juu, na chini yake kuna safu mbili zilizopigwa kwa rula. Kushoto mama ameandika "Kachukua", kulia ameandika "Kaleta". Wiki ile jirani alikuwa amechukua unga wa 4,500, mafuta ya 3,000 na sabuni za 2,500. Jumla 10,000. Ijumaa alileta 6,000. Mama akapiga mstari na kuandika baki 4,000.

"Hiyo 4,000 ni pesa ya nani?" nikamuuliza.

"Yangu. Bado hajaniletea."

"Lakini ukurasa una jina lake."

"Una jina lake kwa sababu ndiye ninayemdai. Daftari ni langu."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo somo zima. Taarifa ya ada ya mdogo wangu ina jina lake juu, namba yake ya usajili na hata picha yake, na kwa sababu hiyo kila mtu nyumbani aliisoma kama vile ni daftari lake. Siyo. Ni ukurasa mmoja kutoka kwenye daftari la chuo, na jina lililo juu ni la mteja. Safu ya Debit ndiyo "Kachukua". Safu ya Credit ndiyo "Kaleta". Chuo kiliandika kwamba mwanafunzi huyu amechukua masomo ya mwaka mmoja yenye thamani ya 1,300,000, kikaiweka Debit. Kisha kikaandika kwamba ameleta 700,000, kikaiweka Credit. Kikapiga mstari na kuandika Balance 600,000, ambayo ni sawasawa na ile 4,000 ya jirani: pesa ambayo mwenye daftari bado hajaletewa. Laki sita ambazo mama aliziona zimekaa mahali ni zilezile alizokuwa akiombwa.

Upande wa simu palikuwa kimya, kisha nikasikia kalamu. Alikuwa anaandika "Kachukua" na "Kaleta" juu ya nakala aliyochapishiwa na baba mdogo.

Safu hizi mbili ni za zamani kuliko benki zetu zote. Mwaka 1494, mjini Venisi, mtawa wa Kifransisko aitwaye Luca Pacioli alichapisha kitabu kikubwa cha hesabu, na sehemu moja ya kitabu hicho inaeleza jinsi wafanyabiashara wa mji ule walivyotunza daftari zao. Hakuibuni mbinu hiyo. Aliikuta ikitumika akaiandika. Katika daftari za Waitaliano wa zama zile, ukurasa wa mtu ulieleza kwa upande mmoja kwamba mtu huyu apaswa kutoa, na kwa upande wa pili kwamba mtu huyu apaswa kupata. Yaani sentensi ilikuwa na mtu ndani yake. Neno krediti lenyewe limetoka kwenye Kilatini cha kuamini. Baadaye sentensi zilikatwakatwa zikabaki maneno mawili, kisha herufi mbilimbili, DR na CR, na mtu aliyekuwa ndani ya sentensi akapotea. Maelezo ya kawaida ya herufi R iliyo katika DR, ambayo haimo kabisa kwenye neno Debit, ni kwamba ni mabaki ya neno la Kiingereza la mdeni.

Mama aliporidhika na karatasi ya chuo akaishika ya benki, na hapa akanibana kama mwenye duka. Kama Debit ni kuchukua, akasema, basi mdogo wako kachukua nini benki? Na kama Balance ni kile ambacho mwenye daftari hajaletewa, basi benki nayo inamdai 48,000?

Taarifa ya benki ilikuwa na mistari mitatu. Credit 750,000, ambayo ni pesa aliyoiweka mama. Debit 700,000, malipo ya ada. Debit 2,000, makato ya benki. Kisha Balance 48,000 CR. Nikamwomba akumbuke mwezi ambao jirani yetu alipata mchezo wake wa kupeana, akaja dukani na noti ya 10,000 wakati anadaiwa 4,000 tu, akasema chenji ikae humohumo atakuwa anachukua kidogokidogo. Siku ile ukurasa uligeuka. Mama alikuwa na 6,000 za mtu. Aliandika "yake 6,000" na kuizungushia duara, asije akaichanganya na baki za kawaida.

Benki ni duka ambalo mteja huanza na chenji. Unaleta kwanza, unachukua baadaye. Kwa hiyo siku mama alipoweka 750,000, benki iliandika kwenye daftari lake kwamba mteja huyu kaleta: Credit. Mteja alipoagiza 700,000 ziende chuoni, benki iliandika kachukua: Debit. Ilipokata 2,000 ya huduma ikaandika tena Debit, kwa kuwa mteja amechukua huduma. Kilichobaki, 48,000, kimebaki upande wa "Kaleta", na herufi CR zilizo pembeni yake zinafanya kazi ileile ya duara la mama. Zinasema: hii ni yake, ipo kwetu. Kama mdogo wangu angekuwa na ruhusa ya kuchukua kupita alichonacho, akachukua 60,000, mstari wa mwisho ungeandikwa 12,000 DR, au kwenye taarifa nyingine 12,000 OD, na hapo benki ingekuwa inamdai kama mama anavyomdai jirani.

Kwa hiyo 700,000 zilikuwa Debit benki kwa sababu kwa macho ya benki kijana alizichukua, na zilikuwa Credit chuoni kwa sababu kwa macho ya chuo kijana huyohuyo alizileta. Safari moja ya pesa imeandikwa na watu wawili, mmoja akiwa mlango wa kutokea na mwingine mlango wa kuingilia. Ingekuwa ajabu kama neno lingekuwa moja.

Kuna njia ya kulitambua hili hata kama hukumbuki hata neno moja la uhasibu, na ndiyo ninayowapa wenzangu wa vitivo vingine. Usianze na maneno, anza na safu ya Balance. Tafuta mstari mmoja wa Debit uone Balance ilikwendaje baada yake. Ikiwa Balance imeongezeka baada ya Debit, kama kwenye taarifa ya ada, basi Balance hiyo ni deni lako. Ikiwa Balance imepungua baada ya Debit, kama kwenye akaunti ya akiba, basi Balance hiyo ni pesa yako iliyo mikononi mwa mwenye daftari. Bili ya maji, taarifa ya mkopo na kadi ya mkopo ziko kwenye kundi la kwanza. Akaunti ya akiba na ya hundi ziko kwenye kundi la pili. Kwenye kundi la kwanza, ukiona alama ya kutoa, mabano au CR kwenye mstari wa mwisho, usishtuke: umelipa zaidi ya ulichodaiwa, na ukurasa umegeuka kama ule wa jirani. Taarifa ya M-Pesa ya Kenya, kwa mfano, imekwepa ugomvi wote huu kwa kuandika Paid In na Withdrawn juu ya safu zake, maneno ambayo hata baba mdogo hawezi kuyatafsiri vingine.

Wanaotaabika zaidi, nimegundua, si watu kama mama bali wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhasibu. Wao hufundishwa kwamba pesa ikiingia benki, idebitiwe. Wanakariri. Kisha wanafungua taarifa ya akaunti zao wenyewe na kuona pesa iliyoingia imeandikwa Credit, na wengine huamua kwamba mwalimu amekosea au benki zina kanuni zake. Mwalimu na benki wanasema kitu kimoja. Mwalimu anafundisha kuandika daftari la kampuni, na ndani ya daftari la kampuni benki ni mteja mwenye ukurasa wake: kampuni imempa pesa, naye kachukua, kwa hiyo debiti. Benki nayo ina ukurasa wenye jina la kampuni, na humo kampuni imeleta, kwa hiyo krediti. Ndiyo maana mhasibu anayelinganisha daftari lake na taarifa ya benki kila mwisho wa mwezi hutarajia kuona kila debiti yake ikiwa krediti upande wa pili. Zikifanana upande ndipo anapoanza kutafuta kosa.

Nikiwa nasoma mambo haya huwa nadhani Kiswahili kingefanya kazi hii vizuri kuliko Kilatini kilichokatwa. Sisi hatuwezi kutaja deni bila kumtaja mtu. Nakudai. Wanidai. Neno moja, na ndani yake yumo anayedai na anayedaiwa. Kukopa na kukopesha ni tendo moja lililotazamwa kutoka pande mbili, na kiambishi kidogo kinakuambia umesimama upande gani. Tuna neno moja tu linaloteleza, nalo ni kuazima, ambalo watu hulitumia kwa anayetoa na kwa anayepokea, na sote tunajua ugomvi wake: "nilimwazima jembe" ni sentensi inayohitaji swali la pili. Krediti ni kuazima ya wahasibu. Kama mstari wa mwisho wa taarifa ya benki ungeandikwa "unatudai 48,000", na wa chuo ukaandikwa "tunakudai 600,000", baba mdogo angezisoma kwa sauti na wote wangekwenda kulala.

Lakini nisimwonee baba mdogo. Swali lake, kwamba kijana amekopa, lilikuwa swali zuri lililoulizwa kwa safu isiyo yake. Kwa sababu upo uwezekano wa kweli kabisa wa kuona Credit kwenye taarifa ya ada, ikawa ni pesa iliyoingia, na nyuma yake pakawa na deni. Mwanafunzi wa Tanzania aliyepangiwa ada na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hulipiwa ada hiyo moja kwa moja chuoni. Kwenye daftari la chuo ukurasa wake utaandikwa Credit, kwa kuwa pesa imeletwa kwa niaba yake, na chuo hakijali imetoka mfuko gani. Lakini kwenye daftari la Bodi kuna ukurasa mwingine wenye jina lilelile, na humo pesa hiyohiyo imeandikwa kwamba kachukua. Ukurasa wa chuo ukifika sifuri, ule wa Bodi bado unasubiri mshahara wake wa kwanza.

Mkopo wa benki hufanya vivyo hivyo, na kwa kasi zaidi. Mfanyakazi akikopeshwa 2,000,000, benki huandika mistari miwili kwa wakati mmoja. Kwenye akaunti yake ya mshahara inaandika Credit 2,000,000, na ujumbe wa simu unalia kumpongeza kwamba akaunti yake imeongezeka. Kwenye akaunti ya mkopo, ambayo wengi hawajawahi kuomba taarifa yake, inaandika Debit 2,000,000. Neno aliloliona ni la pesa iliyoingia. Neno ambalo hakuliona ni la pesa anayodaiwa. Safu ya Credit inakwambia tu kwamba ukurasa huu umepata kitu. Haikuambii kama ulichokipata ni chako, ni mkopo, ni zawadi, au ni benki inakurudishia makato iliyoyakata mara mbili kimakosa. Hayo yote huandikwa Credit.

Jibu la swali la baba mdogo lilikuwepo kwenye karatasi, ila kwenye safu aliyoiruka kwa kuwa ilikuwa na herufi ndogo na namba ndefu: safu ya maelezo. Nikamwomba mama asome herufi kwa herufi. Kwenye taarifa ya chuo, pembeni ya Credit 700,000, palikuwa na namba ya kumbukumbu ya malipo. Kwenye taarifa ya benki, pembeni ya Debit 700,000, palikuwa na namba ileile, na tarehe ileile. Alizisoma zote mbili, tarakimu kumi na mbili, polepole, mara mbili. Hapakuwa na neno la Bodi, hapakuwa na neno la mkopo. Pesa iliyotoka kwenye mlango mmoja ndiyo iliyoingia kwenye mwingine, na kabla ya hapo mstari wa kwanza wa taarifa ya benki ulionyesha 750,000 zikiwekwa Tanga, siku ambayo mama mwenyewe alikuwa amepanga foleni.

"Basi mtoto kalipa," akasema.

"Kalipa."

"Mbona hakusema hivyo?"

Alikuwa amesema hivyo kwa siku nne, lakini sikuona haja ya kumkumbusha. Usiku uleule alimpigia mdogo wangu kwa simu ya jirani, ili apokee. Sijui waliongea nini. Nilichojua ni kwamba asubuhi yake aliniuliza jinsi ya kupata namba mpya ya kumbukumbu kwa ajili ya zile 600,000.

Halafu, kabla hajakata, akauliza swali ambalo wanafunzi wengi wa darasa langu hawajawahi kuliuliza. Kama pesa yangu ikiwa benki imeandikwa kama chenji ya mteja, akasema, maana yake mimi ndiye ninayeidai benki. Sasa mwenye duka akifunga duka?

Jibu lina historia ndefu. Mwaka 1848 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, yaani Baraza la Mabwana, iliamua katika kesi ya Foley dhidi ya Hill kwamba pesa inayowekwa benki huacha kuwa ya mteja. Inakuwa ya benki, na benki inabaki na wajibu wa kumlipa mteja kiasi kama hicho akikidai. Benki si mlinzi wa pesa yako, ni mdeni wako. Nchi zilizorithi sheria ya Uingereza, zetu zikiwemo, zilirithi na wazo hilo. Kwa siku za kawaida tofauti hiyo haionekani, kwa sababu mdeni huyu hulipa mara moja, hata usiku wa manane, kupitia mashine iliyo ukutani.

Huonekana siku duka linapofungwa. Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilizifutia leseni benki tano ndogo kwa kukosa mtaji wa kutosha. Wateja wake waliamka wakiwa na taarifa zenye CR, zilizo sahihi kabisa, na hawakuweza kuchukua. Bodi ya Bima ya Amana iliwajibika kuwalipa hadi shilingi 1,500,000 kila mmoja, kiwango cha wakati ule. Aliyekuwa na zaidi ya hapo, kilichozidi kiligeuka kuwa dai la kungoja mali ya benki ikusanywe na kugawanywa. Tarakimu kwenye taarifa zao hazikuwa zimebadilika hata senti. Kilichobadilika ni uwezo wa aliyeandika daftari kutimiza neno lake, na hilo halina safu.

Nilimweleza mama haya kwa ufupi, bila kutaka kumtisha. Akiba yake haifiki kiwango hicho, na benki yake haina tatizo ninalolijua. Hakutishika. Alikuwa anafikiria kitu kingine. Unga wa dukani anauchukua kwa mali kauli kutoka kwa mfanyabiashara wa jumla, anachukua magunia leo na kupeleka pesa akishauza, na kwa miaka yote hiyo hesabu ameiweka kichwani, akiamini mwenzake anaandika.

"Yule naye," akaniuliza, "ana ukurasa wenye jina langu?"

Nikamwambia lazima anao.

"Na kwake, nikichukua gunia, anaandika upande gani?"

"Kachukua. Debiti."

Akanyamaza kidogo. "Basi Jumatatu nitamwomba anisomee. Na mimi nitafungua wangu wenye jina lake, ila yeye nitamwandika upande wa kaleta."

Ni sahihi kabisa. Gunia moja, madaftari mawili, na kila mmoja anaandika kile alichofanya mwenzake.